UZI: Barua pepe ya kutafuta wasambazaji, faida unaitaja kwenye barua ya kwanza au unasubiri wapige simu?

#1 Dirisha Wazi

Wakuu, salaam. Niko idara ya mauzo ya kiwanda kidogo cha sabuni ya maji. Nimepewa kazi ya kutafuta wasambazaji kwa barua pepe kwenye maeneo ambayo mzigo wetu haujafika. Bosi hataki faida itajwe kwa namba kamili. Anasema weka chambo, mwenye nia atapiga simu. Mimi naona mfanyabiashara asipokuta namba anafunga barua na kuendelea na shughuli zake.

Tumetuma ya bosi. Majibu ni ya kuhesabu kwenye vidole, na wengi wao wameuliza kitu kimoja tu: "Asilimia 30 ya nini?" Barua yenyewe hii hapa:

> *Mada: FURSA YA KIPEKEE YA BIASHARA!!!*
>
> *Ndugu mjasiriamali, tunakukaribisha ujiunge na familia yetu ya wasambazaji. Utafurahia faida nono ya hadi asilimia 30, msaada wa kutosha wa masoko, na bidhaa inayojiuza yenyewe. Unachotakiwa ni mtaji wa kutosha na ari ya kazi. Atakayeuza chini ya bei yetu atasimamishiwa mzigo. Nafasi ni chache, changamka!*

Nani yuko sahihi, mimi au bosi?

#2 Tobo la Sindano

Bidhaa ikijiuza yenyewe mnamtafuta msambazaji wa nini? Aje kuitazama ikijiuza?

#3 Ndimu Mbichi

Kujiunga ni kiasi gani? Na nikileta watu wawili chini yangu napata nini?

#4 Tobo la Sindano

#3 😂😂 Unaona, Dirisha? Barua yenu imeshapata mteja.

#5 Mama Ghala

Mnamcheka Ndimu lakini kasoma kilichoandikwa. "Fursa", "jiunge", "familia", "nafasi ni chache": hayo ndiyo maneno ya wale wa kuleta watu chini yako. Mimi nina stoo ya jumla na barua za namna hiyo naziona kila mara, sifiki mstari wa tatu. Msambazaji anakula kwenye mzigo unaotoka, hali kwenye watu aliowaleta. Kama hamchukui kiingilio, andikeni hivyo waziwazi: hakuna ada ya kujiunga, unalipia mzigo tu.

Sasa nijibu: hiyo 30 mmeitoa wapi? Weka bei hapa, sarafu achana nayo.

#6 Dirisha Wazi

Asante Mama Ghala. Bei kwa katoni moja ya madumu manne: tunamuuzia msambazaji 8,000. Duka la rejareja linachukua kwake 9,200. Duka linauza 11,500. Ukitoka 8,000 hadi 11,500 ni 3,500, na 3,500 kwenye 11,500 ni kama asilimia 30. Bosi hakudanganya.

#7 Hesabu Kali

Hakudanganya, ila amempa mtu mmoja mgawo wa watu wawili. Hizo 3,500 zina wenyewe wawili. Msambazaji anabaki na 1,200 na mwenye duka anabaki na 2,300. Msambazaji angepata zote kama angesimama mwenyewe dukani akauza dumu mojamoja, na hapo ana duka, si msambazaji tena.

Kwa hiyo aliyesoma 30 akija mezani atakuta 1,200 kwenye 9,200, yaani asilimia 13. Hata kama 13 ni nzuri kwa bidhaa hiyo, yeye ataona amepunjwa 17. Ndiyo maana wanauliza "ya nini". Watu wa jumla wameshaumwa na hiyo "hadi".

#8 Kibindo

Hesabu Kali umekosea. 1,200 kwenye 8,000 ni asilimia 15, si 13. Faida inahesabiwa kwenye pesa uliyotoa mfukoni.

#9 Hesabu Kali

#8 Zote mbili ni sahihi, Kibindo. Wewe umegawanya kwa bei ya kununulia, mimi kwa bei ya kuuzia. Shida inaanza pale kiwanda kinapotumia moja na msambazaji nyingine bila kuambiana. Kwa duka pengo linazidi kuwa kubwa: 2,300 ni asilimia 25 ya alichonunulia, na ni asilimia 20 ya anachouzia. Mtu anayejua kwamba stoo yake inahitaji 18 kwenye bei ya kuuzia ili alipe kodi ya jengo na vijana, ukimwandikia "asilimia 18" ukimaanisha ya kununulia, kiuhalisia umempa 15 na kidogo. Atagundua mwisho wa mwezi.

Dawa yake wala si asilimia. Andika bei zote tatu kama ulivyoziweka #6, kila mtu atagawanya anavyotaka.

#10 Kibindo

Sawa, lakini wafanyabiashara wengi wanahesabu kama mimi.

#11 Msomi wa Mezani

Ongeza neno moja kwenye hizo bei tatu: zina kodi ya ongezeko la thamani ndani au hazina? Kama 11,500 ni ya mlaji na kodi imo, halafu 8,000 ni kabla ya kodi, basi hata hiyo 3,500 haipo. Sehemu yake ni ya serikali.

#12 Dirisha Wazi

#11 Zote ni kabla ya kodi. Lakini kweli, kwenye barua hatujasema.

#13 MzeeWaStoo

Vijana mnagombana kuhusu 13 na 15, nani kati yenu amewahi kupakua lori? Hiyo 1,200 haifiki nyumbani. Chukua katoni moja uifuate. Kuipeleka hadi mlangoni kwa duka, 350. Kupakua na nafasi yake stoo, 150. Kijana anayezunguka kuchukua oda, 200. Dumu hupasuka, kizibo huvuja: ukipoteza katoni moja kwenye mia, ni 80 kwa kila katoni. Jumla 780. Imebaki 420.

Namba nimetumia za kawaida yangu kwenye mizigo mizito ya maji maji, za kwako zinaweza kuwa nyingine. Ila barua inayonipa 1,200 bila kuniambia nani analeta mzigo mpaka stoo yangu na nani anabeba hasara ya dumu lililofika limepasuka, haijaniambia kitu. Hapo mimi ndipo ninapouona "msaada". Mabango na fulana siwezi kuyala.

#14 Tobo la Sindano

Mzee, fulana unazivaa lakini.

#15 MzeeWaStoo

Ninaoshea gari.

#16 Mama Ghala

Naungana na Mzee, ila mmesahau kitu kikubwa kuliko vyote: muda. Mimi sijawahi kukataa kampuni kwa sababu ya asilimia. Nakataa kwa sababu wananinyima mali kauli. Maduka yote ninayouzia yanalipa baada ya mwezi. Kiwanda kikitaka pesa taslimu kabla ya lori kuondoka, mtaji wangu unalala kwao, unalala stoo, halafu unalala dukani.

#17 Hesabu Kali

Mama Ghala kafungua mlango, ngoja niingie na namba za #6 na #13.

Oda ya kwanza tuseme katoni 500. Kwa 8,000 ni 4,000,000. Mzigo unakaa stoo kama mwezi mmoja, duka linalipa baada ya mwezi mwingine. Kwa hiyo pesa inarudi baada ya miezi miwili. Kwa kila mzunguko msambazaji anabaki na 420 mara 500, yaani 210,000, ambayo ni asilimia 5 na robo ya pesa aliyofungia. Mizunguko 6 kwa mwaka inamletea kama asilimia 31 na nusu.

Kiwanda kina njia mbili za kumpendeza. Ya kwanza ni kumpunguzia asilimia 2. Atanunua 7,840, atabaki na 580 kwa katoni, na kwa mwaka atafika karibu asilimia 44. Ya pili ni kumwachia bei ileile ya 8,000 ila alipe baada ya siku 30. Pesa yake mwenyewe sasa iko nje mwezi mmoja tu, si miwili, kwa hiyo pesa ileile inazunguka mara 12 kwa mwaka badala ya 6. Anafika asilimia 63, mradi soko lake liweze kumeza mzigo huo wote.

Siku 30 zimeshinda asilimia 2. Hii inatakiwa ikae juu kabisa kwenye barua, na hapo kwenu haipo kabisa.

#18 Kibindo

Hesabu tamu kwenye karatasi. Maduka hayalipi siku ya 30, yanalipa siku ya 45 baada ya kupigiwa simu kumi.

#19 Hesabu Kali

Kweli. Weka 45 na zote mbili zitashuka. Mpangilio haubadiliki.

#20 Chumvi ya Mawe

Mimi niko upande wa pili, nakopesha kwa niaba ya kiwanda. Mnaongea kama siku 30 zinaota kwenye mti. Kiwanda kidogo kikimpa mkopo msambazaji ambaye hakijawahi kumwona, tena kwa barua pepe, akitoweka na mzigo wa 4,000,000 ni nani anayelia? Kampuni niliyokuwa nayo zamani iliahidi mali kauli kwenye barua ya kwanza. Walikuja haraka sana, na waliokuja haraka ndio waliokuwa wamenyimwa mzigo kwingine.

Kwa hiyo mimi nakubali nusu na bosi wa Dirisha: kuna vitu havitakiwi kwenye barua ya kwanza. Faida itaje. Mkopo usiutaje.

#21 Mama Ghala

#20 Usipoutaja mimi sijibu, na mimi ndiye ninayelipa. Utabaki na wale wasiojua kuuliza.

#22 MzeeWaStoo

Kuna njia ya katikati. Andika: oda mbili za kwanza taslimu, kuanzia ya tatu siku 30, kwa kiwango kisichozidi thamani ya oda uliyokwisha lipia. Tapeli hana subira ya oda mbili. Mfanyabiashara anaiona njia mbele yake.

#23 Chumvi ya Mawe

Matapeli niliokutana nao mimi wana subira kuliko unavyodhani, Mzee. Wanalipa mbili vizuri kabisa, ya tatu wanaomba kubwa. Lakini hicho kipengele cha kutozidi ulichokwisha lipia kinapunguza maumivu. Ningeongeza barua ya dhamana ya benki kwa anayetaka zaidi ya hapo.

#24 Upepo wa Kusi

Jamani mnazunguka. Tatizo la hiyo barua ni herufi kubwa na alama tatu za mshangao kwenye mada. Imekwenda kwenye taka, hakuna aliyeisoma! Mlituma kwa watu wangapi kwa mpigo?

#25 Dirisha Wazi

Wote kwa mpigo mmoja, anwani tumezificha. Orodha tulipewa na mtu.

#26 Upepo wa Kusi

Basi jibu ndilo hilo. Hamkuwataja majina, hamkuwajua, na mfumo wa barua ukaona ujumbe mmoja unakwenda kwa umati usiowahi kuwasiliana nao. Asilimia 13 au 30, haikufika. Andika ishirini kwa mkono, kila moja ianze na kitu unachokijua kuhusu stoo ya mtu huyo: anauza nini tayari, anahudumia maduka ya aina gani.

#27 Hesabu Kali

#26 Una hoja, ila kumbuka waliojibu waliuliza "ya nini". Hao imewafikia.

#28 Upepo wa Kusi

Na wasiojibu utajuaje kama waliisoma?

#29 Pazia Jekundu

Naomba nitoe langu kuhusu eneo la msambazaji, maana wote mmelipita. Mimi nilichukua usambazaji wa bidhaa fulani kwa barua iliyoniahidi "eneo lako peke yako". Nikaajiri vijana, nikafungua maduka madogo yote ya eneo lile. Baada ya miezi kadhaa nikakuta lori la kampuni ileile linashusha kwenye duka kubwa kuliko yote hapohapo, kwa bei yangu ya kununulia. Nikauliza. Nikaambiwa "hao ni wateja wa makao makuu". Duka kubwa likaanza kuuza rejareja karibu na bei yangu ya jumla, na wale wadogo wakahamia kununua kwake.

Barua haikusema uongo, ila haikusema eneo ni nini. Kama mna maduka mtakayoyahudumia wenyewe, yaandikeni kwa majina tangu mwanzo na mseme haya yamebaki kwetu. Mtu atapiga hesabu bila hayo. Msipoyaandika, ahadi ya eneo ni upepo.

#30 Mama Ghala

Pole, Pazia. Hili limetupata wengi.

#31 MzeeWaStoo

Na upande wa pili wa eneo ni kiwango. Kiwanda kinachompa mtu eneo peke yake kina haki ya kusema asipochukua kiasi fulani kwa miezi mitatu mfululizo, eneo linarudi. Lakini kiwango kipimwe kwa kilichotoka stoo kwenda madukani, si kwa kilichoingia stoo. Nimeona watu wa mauzo wanasukuma mzigo mwisho wa robo mwaka ili wafikishe lengo lao, msambazaji anajaa hadi mlangoni, halafu miezi miwili haagizi hata katoni. Ukiona oda kubwa ikifuatwa na ukimya, hayo hayakuwa mauzo, ni stoo imehama tu. Omba taarifa fupi kila mwezi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Na useme kabla kwamba utaiomba, wengine hawapendi kuonyesha.

#32 Kibindo

Mimi sitoi orodha ya wateja wangu kwa kiwanda chochote. Ukitoa leo, kesho wanawafuata wenyewe.

#33 MzeeWaStoo

Sijasema orodha ya wateja. Nimesema katoni.

#34 Msomi wa Mezani

Kuna mstari umepita kimya: "atakayeuza chini ya bei yetu atasimamishiwa mzigo". Huo utoeni leo. Sheria za ushindani za nchi nyingi haziruhusu mwenye bidhaa kumlazimisha muuzaji asiuze chini ya bei fulani. Umoja wa Ulaya unalihesabu kuwa kosa zito. Kupendekeza bei, yaani bei elekezi, kwa kawaida hakuna tatizo ilimradi hakuna adhabu nyuma yake. Ninyi mmeweka adhabu kwa maandishi na kuituma kwa umati.

#35 Kibindo

Marekani inaruhusiwa, nimesoma.

#36 Msomi wa Mezani

Si kwa urahisi hivyo. Tangu 1911 ilikuwa marufuku moja kwa moja. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya huko ikasema kila kesi ipimwe kwa madhara na faida zake kwenye ushindani. Baadhi ya majimbo bado yana misimamo yake. "Inapimwa" na "inaruhusiwa" ni vitu viwili. Dirisha, soma sheria ya kwenu au muulize mwanasheria, mimi si wakili wako.

#37 Pazia Jekundu

Lakini bila kudhibiti bei, kinachofuata ni kama kilichonipata mimi. Mkubwa anaua wadogo.

#38 Msomi wa Mezani

Wewe hukuuawa na bei ya rejareja, Pazia. Uliuawa na kampuni kumpa mkubwa bei ya msambazaji. Hiyo iko mikononi mwa kiwanda na haihitaji kumtisha mtu yeyote.

#39 Ndimu Mbichi

Kwa hiyo hakuna cha kuleta watu wawili?

#40 Tobo la Sindano

Lete maduka mawili, Ndimu.

#41 Dirisha Wazi

Nimekaa na maoni yenu. Rasimu mpya hii, bosi bado hajaiona:

> *Mada: Usambazaji wa sabuni ya maji, dumu la lita 5: bei na masharti*
>
> *Ndugu (jina), tumeona stoo yako inahudumia maduka ya rejareja kwa bidhaa za usafi, na sabuni yetu bado haipo eneo hilo.*
>
> *Bei kwa katoni ya madumu manne, kabla ya kodi: unanunua kwetu 8,000. Bei elekezi kwa duka ni 9,200 na kwa mlaji ni 11,500. Bei ya kuuzia unapanga mwenyewe. Kwenye bei hizo wewe unabaki na 1,200 kabla ya gharama zako za kusambaza.*
>
> *Tunaleta mzigo hadi stoo yako kwa gharama yetu. Dumu lililofika limepasuka tunalibadilisha ukituarifu siku hiyohiyo kwa picha. Mtu wetu wa mauzo atazunguka na kijana wako mwezi wa kwanza kufungua maduka.*
>
> *Oda ya kwanza ni katoni 100, ili upime soko. Baada ya hapo tunatarajia angalau 300 kwa mwezi kufikia mwezi wa nne, kwa hesabu ya zilizotoka stoo. Oda mbili za kwanza ni taslimu, kuanzia ya tatu siku 30, kwa kiasi kisichozidi thamani ya oda uliyokwisha lipia. Maduka tunayohudumia wenyewe eneo lako yameorodheshwa chini. Hakuna ada ya kujiunga.*

#42 Mama Ghala

Hii ningeisoma hadi mwisho. Swali: tukiachana, mzigo uliobaki stoo mnaununua? Hamjasema.

#43 Hesabu Kali

Nzuri. Ila umempa 1,200 bila kumwonyesha gharama hizo zinakula kiasi gani. Mzoefu atajaza mwenyewe, mgeni atadhani zote ni zake.

#44 MzeeWaStoo

#43 Mgeni asiyejua kutoa nauli kwenye faida simtaki awe msambazaji wa mtu yeyote. Acha barua imchuje.

#45 Chumvi ya Mawe

Mstari wa siku 30 bado sikubaliani nao. Na 300 kwa mwezi kufikia mwezi wa nne, mmeitoa wapi? Eneo lina maduka mangapi na kila moja linauza katoni ngapi?

#46 Dirisha Wazi

Asante wote. #45, hiyo 300 ni ya bosi. #42, nimemuuliza kuhusu mzigo kurudi, anasema tununue madumu ambayo hayajafunguliwa lakini tukate asilimia 10 ya bei ya kununulia. Inakubalika kwa wenye stoo?

#47 Kibindo

10 ya kununulia au ya kuuzia?

#48 Mama Ghala

Amesema ya kununulia, Kibindo, soma. Mimi 10 naipokea kama lori la kurudishia ni lenu. Kama ni langu, hapana.

#49 Upepo wa Kusi

Na msiitume tena kwa mpigo mmoja, tafadhali.